Fegi ya baada ya futari inanishikisha nguzo, ya nne haina kitu. Kichwani kunatokea nini?

Seremala_wa_Wete

Assalaam alaykum jamani. Mie fundi seremala, Wete, nna miaka 37 na navuta tangu nikiwa na 20. Kwa siku fegi 18, zikipungua sana 15. Suali langu si la kutaka kuhubiriwa niache, kwa hilo mke wangu ananitosha.

Juzi imeadhiniwa magharibi nimefungua kwa tende tatu na kikombe cha uji, nikasali, nikatoka uwani kabla ya kukaa kwenye futari, nikawasha. Nimepiga mapafu matatu tu, miguu ikawa si yangu. Nikashika nguzo ya banda, kijasho chembamba usoni, vidole vinatetema, moyo unakwenda kama nimepandisha mbao ghorofa ya pili. Dakika tano hivi nikatulia. Na nisiseme uongo, ilikuwa raha. Ya pili nikavuta baada ya saa moja, raha nusu. Ya nne niliivuta barazani saa tatu unusu usiku, nimefika kwenye kichungi ndo nakumbuka kwamba navuta. Paketi ile ile, kiberiti kile kile.

Siku za kawaida ya asubuhi pia ndo yenyewe, lakini hainipigi kisunzi namna ile. Sasa hii ya Ramadhani imepata wapi ukali kuipita ya asubuhi? Na hizi nyengine kumi na saba zinakwenda wapi?

Kipepeo_Malindi

Njaa hiyo yakhe. Mchana kutwa hujala, sukari imeshuka, unaingiza moshi juu ya tende tatu. Futuru vizuri kwanza, uje utupe habari.

Karafuu_Kavu

Nguzo imeokoa maisha. Usiing'oe banda likianguka.

Nahodha78

Kipepeo umekosea, si sukari. Nilisoma hii zamani. Kwenye ubongo kuna vipokezi, tuseme viti, ambavyo nikotini inakuja kukaa. Ukivuta kila siku viti vinajaa, ubongo unaona viti havitoshi, unaongeza vyengine. Ndo maana unakuwa sugu: viti vimekuwa vingi, sigara moja haivijazi. Mwanzo ulikuwa unatosheka na moja, sasa unataka 18. Kwisha habari.

Seremala_wa_Wete

Nahodha nimekufahamu, lakini hapo mbona kuna kitu hakikai sawa? Kama viti vimezidi na moja haivijazi, basi hiyo ya kwanza ndo ingekuwa dhaifu kuliko zote, maana inakuta viti vingi vitupu. Kwangu ni kinyume.

BintiMkunazini

Fundi umeuliza suali ambalo liliwasumbua wataalamu wenyewe. Mie mfamasia, na kazi ya mwisho wa masomo niliifanya juu ya dawa zinazogusa vipokezi hivi hivi, kwa hiyo nitakuwa na maneno mengi kidogo, mnisamehe.

Kaka Nahodha kwenye kuongezeka kwa viti umesema kweli. Mwaka 1983 maabara mbili za Marekani ziliwapa panya nikotini kwa siku kadhaa, wakategemea kukuta vipokezi vimepungua, kwa sababu ndo kawaida ya mwili: ukiupigia kelele kila siku, unaziba masikio. Wakakuta vimezidi. Mwaka 1988 wakahesabiwa watu, kwenye bongo za wavutaji waliokwishafariki, hadithi ikawa ile ile. Baadae zikaja picha za watu walio hai, na kwa wavutaji zinaonesha robo mpaka theluthi ya ziada kwenye sehemu nyingi za ubongo.

Ulipoteleza ni hapo ulipogusa fundi. Viti vingi havimfanyi mtu kuwa sugu. Viti vingi peke yake vingemfanya mwepesi zaidi wa kupigwa. Usugu unatokana na jambo la pili, kwamba kiti kikikaliwa na nikotini kinalala.

Mwenye viti vile kwa asili ni asetilikolini, kitu ambacho mishipa ya fahamu inapelekeana chenyewe. Huyo ni mgeni mwenye adabu: anakaa, anatoa salamu, kiti kinaitikia, na kuna kimeng'enya kinamwondosha hapo hapo kabla kope haijafumba. Nikotini anafanana naye sura, anakaa kwenye kiti kile kile, lakini kimeng'enya hakimjui. Hakuna wa kumwinua. Salamu ya kwanza kiti kinaitikia vizuri, dopamini inamwagika, unaona raha. Mgeni haondoki. Kiti kinaitikia, kinaitikia, kinachoka, kinajifunga. Kimekaliwa na hakisemi tena.

Kwa hiyo saa tatu unusu ya usiku una viti vingi kuliko mtu asiyevuta, lakini karibu vyote vimelala huku vimekaliwa. Fegi ya nne inagonga mlango, ndani watu wanakoroma.

Bwanakheri_Makunduchi

Mie natumia kuberi, sigara nimeacha miaka minne. Kuberi haina moshi kwa hiyo haya ya viti hayanihusu, sivyo? Moshi ndo unaoharibu ubongo.

Kipepeo_Malindi

Sawa da Binti, lakini njaa je? Maana hata mie nikivuta na tumbo tupu nayumba.

BintiMkunazini

Ami Bwanakheri, wale panya wa 1983 hawakuwashiwa fegi, walipewa nikotini tu. Kiti hakiulizi mgeni kaja kwa moshi au kwa shavuni. Tofauti yako na fundi ni mwendo. Pafu la sigara linapita mapafuni na kufika kichwani kwa sekunde 10 mpaka 20, kama ndoo ya maji usoni. Kuberi inapenya taratibu kwenye fizi, kisima kinajaa polepole, huna lile pigo. Lakini kisima kimejaa.

Kipepeo, njaa ina fungu lake, na moshi una hewa ya kaboni monoksaidi inayoshika nafasi ya oksijeni kwenye damu, nayo ina fungu lake kwenye kisunzi. Sikatai. Lakini fundi ajaribu mwenyewe: siku moja afuturu ashibe, asubiri nusu saa, ndo awashe. Ingekuwa njaa tupu, lile pigo lingepotea.

Sasa nirudi kwenye suali hasa la fundi, kwa nini ya futari inaipita ya asubuhi. Hili linapigika hesabu. Fundi, nipe saa. Siku ya kawaida ya mwisho unavuta saa ngapi na ya kwanza saa ngapi? Na Ramadhani?

Seremala_wa_Wete

Siku ya kawaida ya mwisho saa nne usiku, ya kwanza saa kumi na mbili asubuhi kabla sijanywa chai. Ramadhani ya mwisho baada ya daku, saa kumi na moja kasorobo alfajiri, mwadhini kakaribia. Ya kwanza kama saa moja kasorobo usiku.

BintiMkunazini

Vizuri, saa nane na saa kumi na nne, hesabu imekuja yenyewe.

Ini linaiondosha nikotini kwenye damu kwa mwendo wa nusu kwa nusu, kila saa mbili nusu ya iliyokuwepo inakwenda. Kwa baadhi ya watu ni haraka zaidi na kwa wengine polepole, wewe nakuchukulia wa kati. Mvutaji wa kiwango chako jioni damu yake inabeba nanogramu 20 mpaka 40 kwa mililita, mie naandika 32 ili igawike vizuri.

Usiku wa kawaida saa nane ni nusu nne: 32, 16, 8, 4, 2. Unaamka na 2. Saumu ya saa kumi na nne ni nusu saba: unaendelea 1, nusu, unamalizia na robo. Na hapo nimekukirimu, kwa sababu wakati wa daku ulikuwa umetoka kulala, hukuwa na 32.

Jambo wasilolitegemea wengi ni hili. Mwaka 2006 huko Los Angeles, Brody na wenzake waliwapiga wavutaji picha za ubongo. Wakakuta pafu moja au mawili yanatosha kukalia nusu ya viti, na vinabaki hivyo kwa zaidi ya saa tatu. Fegi nzima inapita asilimia 88. Na damu ikiwa na nanogramu 0.87 tu, nusu ya viti imeshakaliwa. Kwa kipimo hicho:

Saa nne usiku, na 32 zako, viti 97 katika kila 100 vimekaliwa. Asubuhi na 2, bado kama 70 vimekaliwa. Magharibi na robo, vimekaliwa 22 hivi.

Tena wewe huna viti 100, una kama 130. Basi usiku vitupu ni 4. Asubuhi vitupu ni karibu 40. Baada ya adhana ya magharibi vitupu ni karibu 100. Asiyewahi kuvuta maisha yake ana 100 jumla! Yaani ile jioni ubongo wako ulikuwa na viti vitupu sawa na kijana anayejaribu fegi ya kwanza nyuma ya skuli. Ulishika nguzo kama naye anavyoshika ukuta.

Karafuu_Kavu

Nyuma ya skuli mie nilitapika. Fundi hakutapika.

BintiMkunazini

Ndo mpaka wa hesabu yangu huo, ahsante. Miaka 17 mwili umejifunza mambo mengine pia, kutapika kuna njia zake na hizo zimeshazoea. Na kuna kubwa zaidi: picha ile inahesabu kiti kilicho kitupu, haikwambii kama kimeamka. Kiti kinaweza kuachwa na mgeni na kikaendelea kusinzia kwa muda. Vyengine vinaamka kwa dakika, vyengine vinachelewa sana. Kwa hiyo 100 ni idadi ya viti vitupu, vilivyo macho ni vichache kuliko hapo. Vichache kwa kiasi gani, sidhani kama kuna mtu ameweza kuhesabu ndani ya kichwa cha mtu hai.

Nahodha78

Haya nimekubali ya kulala. Lakini sababu ya kuongezeka bado ni ile niliyosema: ubongo unaona viti vimelala, unafidia. Kuna akili hapo.

BintiMkunazini

Wengi waliamini hivyo na ni maelezo matamu. Shida yake ni hii: kama ubongo ungekuwa unaamua kufidia, ungeagiza viti vipya, na agizo lingeonekana kwenye jeni. Wakapima kwa panya, wakakuta maagizo hayakuzidi. Agizo ni lile lile na viti vinavyotoka ni vingi.

Fundi, hapa niazime karakana yako. Kipokezi kimoja ni vipande vitano vilivyosimamishwa duara, katikati tundu. Vinaungwa ndani kabisa ya seli. Na kazi hiyo ina hasara: vingi vinaungwa nusu, vinalegea, vinatupwa kabla ya kufika nje. Sasa asetilikolini haiwezi kupenya ukuta wa seli, inaishia mlangoni. Nikotini inapenya. Inaingia mpaka karakana, inajibana kwenye kiungo baina ya vipande viwili...

Seremala_wa_Wete

Kama ninavyofunga fremu kwa kamba gundi ikawa haijakauka!

BintiMkunazini

Hiyo hiyo. Unafunga kamba, fremu haichezi, inakauka imenyooka. Bila ya kamba ungetupa tatu katika kumi. Nikotini ni kamba. Mbao ni zile zile na oda ile ile, lakini fremu nzima zinazotoka mlangoni zimezidi. Hakuna aliyeamua chochote. Wapo wanaosema pia vikishafika nje vinakaa muda mrefu kabla ya kuvunjwa, na inawezekana yote mawili yanakwenda pamoja.

Nahodha78

Kamba nimeielewa. Lakini kusema hakuna fidia kabisa mie bado sijakubali. Mwili haufanyi kitu bure.

BintiMkunazini

Usikubali, kaka. Panya si mtu na mjadala haujafungwa.

Mama_wa_Watatu_Chake

Samahanini naingilia. Mie sivuti, mume wangu ndo anavuta. Ramadhani mpaka adhuhuri ni mtu. Ikifika saa tisa alasiri hasemezeki, mtoto akidondosha kijiko ni ugomvi. Nilikuwa naona ni tabia tu na saumu. Hivi viti vinahusika? Na nyengine: Ramadhani ni mwezi mzima, kwa nini Idi ikifika asiwe amerudi kama mtu asiyevuta?

BintiMkunazini

Bi mkubwa, kwa hesabu ile ile, mtu aliyevuta mara ya mwisho saa kumi na moja kasorobo, ikifika saa tisa alasiri zimeshapita saa kumi na robo. Kutoka 32 amebakiwa na kama 1. Hapo nusu ya viti imeachwa, na viti ni vingi kuliko vya asili. Wanaosoma mambo haya wanadhani viti vilivyolala vinapoamka kwa mpigo bila ya mgeni aliyezoeleka, ndo mtu anakuwa na arosto, hakai pamoja, hana subira. Dhana ina nguvu, lakini si hesabu iliyofungwa. Wale wa Los Angeles waliona hamu inashuka viti vikiwa vimekaliwa karibu vyote. Yaani mtu mwenye viti vilivyojaa nusu bado anaitaka. Na hayo hayafuti saumu, joto la alasiri wala tabia, kila moja lina lake.

Ya Idi: mumeo mchana anavua kamba, usiku anaifunga tena. Viti vya ziada haviondoki kwa saa kumi na nne. Kwa walioacha moja kwa moja, picha za kundi moja zilionesha mwezi wa kwanza bado viko juu, vikashuka kuwa kama vya asiyevuta baina ya wiki 6 na 12. Kundi jengine wakaona siku 21 zimetosha. Hawajapatana, na hawakupima kwa njia moja.

Bwanakheri_Makunduchi

Kwa hiyo mie na kuberi yangu nna viti 130?

BintiMkunazini

Ami, sijakupiga picha. Lakini ukiweka ya kwanza ndani ya dakika ngapi tangu kuamka?

Bwanakheri_Makunduchi

Nalala nayo.

Karafuu_Kavu

Huyu viti vyake vimetandikwa kabisa.

Seremala_wa_Wete

Nimerudi na majibu. Jana nimefanya kama nilivyoambiwa. Nimefuturu nikashiba: muhogo wa nazi, samaki, chapati mbili, chai. Nikakaa nusu saa. Nikahesabu mapigo ya mkono kwa dakika nzima, mwanangu kashika saa: 72. Nikawasha, nikaimaliza, dakika tano nikahesabu tena: 94. Kisunzi kilikuja, chepesi kuliko juzi, nguzo sikuishika ila niliitupia jicho. Kwa hiyo Kipepeo una haki yako kidogo.

Ya nne, saa nne kasorobo. Kabla: 86. Baada ya dakika tano: 89.

Kipepeo_Malindi

Kidogo naipokea.

BintiMkunazini

Fundi umenifurahisha. Ndo sura yenyewe hiyo, ya kwanza inapandisha 22, ya nne inapandisha 3 na inaanzia juu. Ila nikutahadharishe usije ukasema umehesabu viti vya kichwani kwa kidole. Mapigo ya moyo yanasukumwa na vipokezi vya aina nyengine, kwenye mishipa ya fahamu iliyo nje ya ubongo na kwenye tezi za juu ya figo. Navyo vinalala na kuamka, kwa hiyo vinakuonesha usugu wa ndani ya siku moja. Kule kuzidi kwa idadi hakuonekani kwa saa ya mkononi.

Nahodha78

Fundi, rejea tena siku ya kawaida baada ya Idi, ile ya saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hesabu ya dada ingefaa iwe katikati, zaidi ya 3 na chini ya 22. Ikiwa sivyo tutakuja kusumbuana hapa.

Seremala_wa_Wete

Nitaleta. Ila mwanangu anasema saa kumi na mbili asubuhi hashiki saa ya mtu, kwa hiyo nitahesabu mwenyewe. Daku imeiva, naitwa.